Neno Letu, Alama ya Mwingine: Kukagua Kichwa cha Tangazo Kabla ya Kukitundika



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalowahusu wengi wetu hapa Marekani, hasa akina mama na vijana wanaojitafutia riziki kwa mikono yao. Mmoja hushona kanzu, mwingine huchapa fulana, na mwingine hufunga visanduku vya tende na udi. Zamani bidhaa hizi ziliuzwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa au kwa kupelekeana nyumba kwa nyumba. Leo sehemu kubwa ya biashara hiyo imehamia katika masoko ya mtandaoni, ambamo kila kitu hutundikwa kikiwa na picha, kichwa cha maneno machache, na hashtagi, yaani yale maneno yanayotanguliwa na alama ya # ili wanunuzi wayatafute. Kichwa hicho huandikwa kwa dakika mbili, na mara nyingi huandikwa na mtoto mwenye vidole vyepesi. Lakini neno moja tu ndani yake laweza kuiondoa bidhaa yote sokoni.

Dada mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hakupenda tumtaje jina, huchapa nguo za watoto wachanga. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Idi, aliamka asubuhi akakuta matangazo yake sita hayapo. Soko alilokuwa akiuza lilimwandikia kwamba mwenye alama fulani ya biashara amelalamika, na fedha za mauzo yake zikazuiwa kwa muda. Nguo arubaini zilizokwisha kuchapwa zilibaki sandukuni hadi Idi ikapita. Alirudishiwa akaunti yake baada ya miezi mitatu, akaonywa kwamba malalamiko mengine yataifunga kabisa.

Mwaka huu alitujia mapema, na kichwa chake amekiandika kwenye karatasi kabla ya kukitundika. Akaomba tukikague pamoja naye neno kwa neno. Tumeona vyema kueleza hapa tuliyoyafanya jioni ile, kwani atakayefuata hatua hizi ataweza kujikagulia mwenyewe. Karatasi ilikuwa na maneno haya:

```
My First Eid Onesie, Hakuna Matata Baby, Disney Inspired Ramadan Gift
#MyFirstEid #EidOnesie #HakunaMatataBaby #DisneyEid
```

Kwa nini soko huondoa kwanza na kuuliza baadaye

Kabla ya kulikagua neno, yafaa msomaji ajue anajilinda na nini. Alama ya biashara ni neno, msemo au mchoro unaomjulisha mnunuzi kwamba bidhaa hii imetoka kwa mtu fulani na si kwa mwingine. Haki ya mwenye alama haiko katika neno lenyewe liwe popote duniani. Iko katika kulitumia neno hilo sokoni, juu ya bidhaa za namna fulani, kwa jinsi inayoweza kumfanya mnunuzi adhani kwamba bidhaa ni yake.

Masoko ya mtandaoni yana fomu ambayo mwenye alama huijaza akionyesha namba ya usajili wake na tangazo analolilalamikia. Soko si hakimu na halina haja ya kusubiri mahakama. Kwa kawaida huliondoa tangazo, kwa kuwa kuliacha ni kujitia katika hatari ya kushitakiwa pamoja na muuzaji.

Hapa pana tofauti moja ambayo wengi hawaijui. Malalamiko yakiwa ya hakimiliki, kama vile kunakili picha au wimbo wa mtu, sheria ya Marekani ya mwaka 1998 imempa mshitakiwa njia ya kujibu kwa maandishi. Akijibu inavyotakiwa, na mlalamikaji asiende mahakamani, kitu chake hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Malalamiko yakiwa ya alama ya biashara, sheria hiyo haihusiki. Hakuna jibu linalolilazimisha soko kurudisha tangazo. Muuzaji huambiwa aende akasikilizane na mlalamikaji mwenyewe, naye asipoyaondoa malalamiko yake, habari huishia hapo. Dada yetu mwaka jana aliandika barua nne kwa soko, na kila mara alijibiwa maneno yale yale. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mapema una faida kubwa kuliko utetezi wa baadaye, hata kwa mtu mwenye haki.

Hatua ya kwanza: kuyatenganisha maneno

Tulichukua kalamu tukayagawa maneno ya kichwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maneno yanayoieleza bidhaa: Eid, baby, Ramadan, gift. Haya husema kitu ni nini, ni cha nani na ni cha wakati gani. Fungu la pili ni la maneno yanayoweza kuwa jina la mtu sokoni: Onesie, Hakuna Matata, Disney. Msemo wa My First Eid tuliuweka katikati, kwa sababu ingawa kila neno lake ni la kawaida, msemo mzima huweza kusajiliwa na mtu, na kwa hiyo nao ulistahili kutazamwa.

Kisha tukazigeukia hashtagi. Hizi zina hila yake, maana maneno hugandishwa pamoja bila nafasi, na jicho la mwandishi huliona neno moja jipya alilolibuni yeye. Dada yetu alidhani EidOnesie ni jina lake mwenyewe. Kumbe anayetafuta neno onesie huliona mle ndani vile vile, na mashine zinazotafuta matangazo kwa niaba ya wenye alama huliona pia. Basi kila hashtagi ikatwe vipande, na kila kipande kikaguliwe peke yake. Aidha tusisahau maneno yaliyofichika. Dada yetu aliwahi kuliondoa neno katika kichwa akaliacha katika maelezo ya chini na katika orodha ya maneno ya kutafutia. Kwa mlalamikaji hakuna tofauti, kwani mnunuzi huletwa kwenye bidhaa kwa neno lile lile.

Hatua ya pili: kulifungua daftari

Alama zilizosajiliwa na serikali kuu ya Marekani zimo katika daftari la Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara. Kuanzia mwisho wa mwezi wa Novemba 2023 daftari hilo hutafutwa katika anwani ya tmsearch.uspto.gov, bila malipo yoyote. Kabla ya kutafuta, msomaji ajue kwamba bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika makundi 45 yanayotumika katika nchi nyingi. Nguo, viatu na vitu vya kuvaa kichwani vimo katika kundi la 25. Vitabu na kadi vimo katika la 16, manukato katika la 3, na halua na chai katika la 30.

Anayeanza aweza kuliandika neno tu katika kisanduku na kubonyeza. Atakayepata majibu mengi mno aweza kuyapunguza kwa kuandika hivi, yaani neno linaloanza na onesie, katika kundi la 25, lililo hai:

```
CM:onesie* AND IC:025 AND LD:true
```

Majibu yakija, yasomwe kwa utulivu, na katika kila jibu yatazamwe mambo manne. La kwanza ni hali ya alama. Iliyo hai huandikwa LIVE na iliyokufa huandikwa DEAD. La pili ni orodha ya bidhaa, kwa sababu jina moja laweza kuwa la mtu mmoja kwa viatu na la mwingine kwa matairi. La tatu ni jina la mwenye alama. La nne ni namna ya alama: ikiwa ni ya herufi za kawaida, STANDARD CHARACTER, mwenyewe analishikilia neno lenyewe kwa mwandiko wowote, ikiwa ni mchoro, huenda anashikilia sura yake zaidi kuliko maneno yaliyomo.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Kwanza, herufi moja tofauti haimwokoi mtu. Swali la sheria ni kama mnunuzi wa kawaida ataweza kuchanganyikiwa, na masikio ya mnunuzi huyo huyasikia Onesie na Wunzie kuwa ni neno moja. Kwa hiyo tafuta pia kwa tahajia nyingine zinazotamkika sawasawa. Pili, kundi la bidhaa si ukuta. Mwenye nguo za watoto katika kundi la 25 aweza kumlalamikia anayeuza mablanketi ya watoto katika kundi la 24, kwani vitu hivyo huuzwa pamoja kwa watu wale wale.

Neno la kwanza: Onesie

Dada yetu alishangaa sana. Kila mama hapa Marekani huliita vazi lile la mtoto mchanga lenye vifungo katikati ya miguu kwa jina hilo, na yeye alidhani ni neno la Kiingereza kama shati au suruali. Kumbe ni alama iliyosajiliwa ya kampuni ya nguo za watoto ya Gerber Childrenswear, nayo kampuni imetangaza hadharani kwamba haitaki jina hilo litumiwe kwa nguo za wengine.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko katika majina mashuhuri. Jina kama Disney kila mtu anajua kuwa lina mwenyewe. Neno lililozoeleka vinywani hadi likafanana na jina la kitu halimtii mtu shaka, na kwa hiyo halikaguliwi. Wenye alama za namna hii huzilinda kwa bidii kwa sababu ya kisheria: alama ikiachwa hadi umma ukaiona kuwa ni jina la kitu chenyewe, yaweza kupotea. Ndivyo yalivyopotea Marekani maneno aspirin na escalator, ambayo hapo awali yalikuwa na wenyewe.

Namna ya kulitambua neno kama hili ni kuuliza swali jepesi: je, washindani wake wanakiitaje kitu hiki katika lebo zao? Tulitazama maduka makubwa matatu, na tukaona wote wanaandika bodysuit. Wafanyabiashara wenye mawakili wanapolikwepa kwa pamoja neno ambalo umma mzima unalitumia, hiyo ni dalili kwamba neno lina mwenyewe. Basi tukaliandika bodysuit mahali pa onesie, katika kichwa na katika hashtagi, na bidhaa haikupungukiwa na kitu.

Neno la pili: Hakuna Matata

Neno hili liliamsha hasira pale mezani, na hasira hiyo si ya leo. Kampuni ya Disney iliomba kuusajili msemo huu Marekani mwaka 1994, mwaka ule ilipotoa filamu ya The Lion King, na ukasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa asili ya Zimbabwe alianzisha ombi la kuitaka kampuni iuache, na watu zaidi ya laki moja wakalitia sahihi. Wengi waliuliza: yawezekanaje mgeni akamiliki maneno ambayo bibi zetu waliyasema kabla hajazaliwa?

Jibu la haki lina pande mbili, na ni vyema tuzijue zote. Upande mmoja, usajili huo haukuichukua lugha. Mswahili aweza kuusema msemo huo, kuuandika katika gazeti, kuuimba na kuufundisha, wala hakuna anayeweza kumzuia kwa sheria ya alama za biashara. Upande wa pili, sheria haiulizi neno limetoka katika lugha gani. Inauliza ni nani analitumia sokoni kama jina la bidhaa zake, na bidhaa hizo ni zipi. Na dada yetu hakutaka kuusema msemo ule tu. Alitaka kuuza nguo, bidhaa ile ile iliyoandikwa katika usajili, tena chini ya jina la Disney lililowekwa kando yake.

Yeye alisema, "Lakini mimi nitawaambia ni lugha yangu." Tukamjibu: utamwambia nani? Soko halisikilizi, kama tulivyoeleza, na anayetaka kushindana lazima aende mbele ya ofisi ya alama au mahakamani, kwa gharama zinazozidi thamani ya nguo arubaini. Mtu aliye na nguvu na azipiganie haki za lugha huko, naye atakuwa na hoja. Mwenye onyo moja mkononi na Idi inayokaribia hapiganii kesi hiyo kwa kichwa cha tangazo. Alinyamaza kidogo, kisha akalikata neno kwa mstari. Tulimwona kwamba halikumwuma kidogo.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila neno letu huweza kuchukuliwa. Huko Uingereza kampuni moja iliomba kulisajili neno KIKOY kuwa alama yake. Wafumaji na wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Uingereza, walilipinga ombi hilo, na hadi kufikia mwaka 2008 ombi likashindikana. Sababu yake yaeleweka kwa kila aliyezaliwa pwani: kikoi ni jina la vazi lenyewe, na muuzaji yeyote wa vikoi hana budi kulitumia ili kusema anauza nini. Kwa kulinganisha, litazame neno burkini, ambalo masikioni linafanana na la kwetu. Hilo lilibuniwa na mama mmoja Mwislamu wa Australia, Aheda Zanetti, aliyelishona vazi lile la kuogelea mwaka 2004 na kulisajili jina lake. Wengi hulidhani kuwa ni jina la vazi la Kiislamu kwa jumla. Kikoi kilikuwapo kabla ya muuzaji, lakini burkini ililetwa sokoni na muuzaji. Anayetaka kuuza vazi la namna hiyo na akagua daftari la nchi anayouzia, au aandike tu kwamba ni vazi la kuogelea lenye stara.

Neno la tatu: Disney Inspired

Hapa hatukukaa sana. Watu wengi huamini kwamba wakiongeza neno la kusema bidhaa yao "imetokana na" au "ina mtindo wa" kampuni fulani, wamekwisha kujitenga nayo. Kinyume chake, wameandika kwa mkono wao wenyewe kwamba wanalitumia jina la mwingine kuwavuta wanunuzi. Na jina lililo mashuhuri kiasi hicho lina ulinzi wa ziada nchini Marekani, hata juu ya bidhaa ambazo mwenyewe hazitengenezi.

Yapo matumizi ya jina la mwingine yaliyo halali, nayo ni pale ambapo ukweli hauwezi kusemwa bila ya kulitaja. Anayeuza baiskeli ya mkono wa pili ya kampuni fulani aweza kuitaja kampuni hiyo, kwani ndiyo iliyoitengeneza. Anayeshona mfuniko wa simu aweza kusema unafaa kwa simu ya aina fulani. Lakini na alitaje kwa kadiri inayohitajika tu, bila nembo, na bila kulitanguliza kana kwamba bidhaa imetoka kwa mwenye jina. Nguo ya Idi yenye mwezi na nyota haihitaji kumtaja Disney ili ielezwe. Tuliuliza kama picha ilikuwa na simba wa katuni, akasema hapana. Angekuwapo, tungekuwa na suala jingine la hakimiliki, na kubadili kichwa kusingelimaliza.

Mambo ambayo daftari halitayaonyesha

Baada ya hapo tuliutafuta msemo wa My First Eid wote kwa pamoja. Hatukukuta alama hai ya nguo yenye maneno hayo siku ile. Hata hivyo tulimwambia asilichukue jibu hilo kuwa ni hati ya usalama, kwa sababu tatu.

Kwanza, nchini Marekani mtu hupata haki katika alama kwa kuitumia sokoni, hata kama hakuisajili. Kwa hiyo baada ya daftari, tulitafuta msemo ule katika masoko yenyewe, tukaona wauzaji wengi tofauti wanaouandika juu ya nguo. Hiyo ilikuwa habari njema. Msemo unaotumiwa na wengi kueleza jambo, yaani Idi ya kwanza ya mtoto, ni vigumu mtu mmoja kudai kuwa ni jina lake. Tungelikuta duka moja tu linaloutumia kama jina la duka, tungeuacha.

Pili, alama iliyoandikwa DEAD haimaanishi kwamba neno liko huru. Huenda mwenyewe alisahau kuwasilisha karatasi zake, ambazo hudaiwa kati ya mwaka wa tano na wa sita, na kisha kila miaka kumi, naye bado anauza kama kawaida.

Tatu, daftari hubadilika. Maombi mapya huingia kila siku, na ombi lililoingia leo huchukua siku kadhaa kabla ya kuonekana. Basi ukaguzi urudiwe kila msimu kabla ya kutundika upya, na anayetuma bidhaa Uingereza au Oman na akagua pia huko, kwani usajili wa nchi moja hauvuki mpaka. Daftari la dunia la branddb.wipo.int hukusanya alama za nchi nyingi na ni mahali pema pa kuanzia. Tulichapa kurasa za majibu ya utafutaji wetu, tukaandika tarehe juu yake, na dada yetu akaziweka katika faili.

Malalamiko yakifika

Ikiwa pamoja na hayo yote malalamiko yatafika, muuzaji na atazame kwanza namba ya usajili iliyotajwa na kuifungua katika tsdr.uspto.gov, apate kujua ni neno gani na bidhaa gani. Kisha aliondoe neno hilo katika matangazo yake yote, siyo lile moja tu, kwani soko huhesabu kila kosa. Asilitundike tena tangazo lililoondolewa kwa kubadili herufi mbili. Hilo huonekana kuwa ni ujanja. Akiona mlalamikaji amekosea, amwandikie yeye, kwa adabu na kwa ufupi, aeleze neno limetumiwaje, na amwombe ayaondoe malalamiko. Dada yetu mwaka jana aliandika barua nne kwa soko na hakuandika hata moja kwa mlalamikaji, hali ya kuwa anwani yake ilikuwa chini ya taarifa aliyotumiwa. Na jambo likiwa zito, zipo kliniki za sheria katika vyuo vikuu kadhaa, zinazotambuliwa na ofisi ile ile ya alama, ambamo wanafunzi wakisimamiwa na mawakili husaidia bila malipo.

Kazi yetu ilichukua saa moja na nusu, pamoja na kikombe cha chai. Mwisho wa yote karatasi ilisomeka hivi:

```
My First Eid Baby Bodysuit, Crescent Moon and Stars, Ramadan Gift for Newborn
#MyFirstEid #EidBaby #RamadanGift
```

Tulipomsomea, dada yetu alisema kichwa hiki hakina ladha kama kile cha kwanza. Ni kweli. Lakini kila neno lililomo linasema kilichomo katika mfuko, na mnunuzi anayetafuta nguo ya Idi kwa mtoto mchanga atalikuta. Tangazo lilitundikwa usiku ule ule. Nguo arubaini za mwaka jana nazo zimetolewa sandukuni, kwa kuwa juu ya vifua vyao pamechapwa maneno ya Idi tu. Lililoziponza lilikuwa neno la kichwani.

Wabillahi tawfiq.